Mbeya Miguuni, Iringa Mikononi

Mhadhara kwa walimu wa shule za msingi wa Nyanda za Juu Kusini



Nimepewa wasaa wa kusema juu ya kutunga somo la mdundo kwa watoto wa shule ya msingi, nasi tukiwa na viganja vyetu, ngoma moja au mbili, na nyimbo nyepesi ambazo mtoto huzishika mara ya pili ya kuzisikia. Jambo lenyewe ni pana, na mtu akitaka kulizunguka lote jua litamchwea njiani. Kwa hiyo nimeazimia kuchukua somo moja tu, la dakika 40, la Darasa la Tatu lenye watoto 60, nilipambanue hatua kwa hatua, nikionyesha mahali linapovunjika na dalili ambazo mwalimu huzitambua kwamba limevunjika.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo aghalabu huchanganywa. Kuna pigo, yaani mwendo ule ulio sawasawa, kama hatua za mtu atembeaye bila haraka, ambao haukatiki hata kama hakuna anayeimba. Na kuna mdundo, yaani mpangilio wa sauti ndefu na fupi unaopanda juu ya pigo hilo. Atakaye kuuona utengano huu na asimame uani jioni, wakati akina mama wawili wanapotwanga mahindi katika kinu kimoja, mchi wa huyu ukishuka wakati mchi wa yule unapanda. Kila mmoja ana mwendo wake ulio sawa, lakini sikio la mpita njia halisikii michi miwili, bali husikia mdundo mmoja uliozaliwa baina yao. Na mmoja akichelewa kidogo tu, michi hugongana na kazi husimama. Watoto wetu wamekua wakisikia sauti hiyo. Basi hawaji darasani wakiwa watupu, na kazi ya mwalimu ni kuwafanya wakijue kile ambacho miili yao imekwisha kukizoea.

Mimi mwenyewe sikulijua hilo nilipoanza. Katika shule moja ya upande wa Tukuyu, ambayo sina haja ya kuitaja, niliingia darasani nikiwa nimebeba ngoma, nikaiweka mezani, nikachora noti ubaoni, kisha nikawaita watoto mmoja mmoja waje wapige nilichokichora. Kila aliyekuja aliipiga ngoma kwa nguvu zake zote na kwa mwendo wake mwenyewe. Waliobaki walikuwa watazamaji, na baada ya robo saa hawakuwa hata watazamaji. Ilinichukua muda kufahamu kwamba kosa halikuwa la watoto wala la ngoma, bali la utaratibu wangu: nilianza na kile kilichopasa kuwa cha mwisho. Tangu siku ile nimeshika kanuni moja, nayo ni kwamba mdundo upite kinywani, ushuke miguuni, uje mikononi, na hatimaye ndipo uifikie ngoma. Na lisilosemeka kwa kinywa cha mtoto lisipelekwe abadan kwenye ngozi.

Kwa nini kinywa? Kwa sababu lugha yetu ina mdundo ndani yake. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mtoto hakosei katika hilo hata akiwa usingizini. Chukueni majina ya miji yetu miwili. Mbeya ni silabi mbili, nzito ikiwa ya kwanza: Mbe-ya. Iringa ni silabi tatu, na uzito hauko mwanzoni bali katikati: i-Ri-nga. Jina la kwanza laangukia pigo moja kwa moja. La pili huanza na silabi nyepesi iliyotangulia pigo, mithili ya mtu anayenyanyua mguu kabla ya kuukanyaga. Mwalimu akiwaamuru watoto wapige kofi la nguvu juu ya ile “i” ya kwanza, amewapotosha ulimi, nao watasema “Í-ringa” kama wageni.

Hili si jambo dogo katika nchi yetu hii. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huo huo Walutheri wa Misheni ya Berlin wakaingia Unyakyusa, nao walileta tuni za Ulaya ambazo baadaye zilitiwa maneno ya lugha zetu. Tuni nyingi katika hizo zilitungwa kwa mashairi ambayo mstari wake humalizikia kwenye silabi nzito, ilhali neno la Kiswahili karibu siku zote humalizikia kwenye silabi nyepesi. Na matokeo yake ni kwamba noti nzito ya mwisho huiangukia silabi isiyostahili kuibeba. Wazee wetu wameziimba kwa mapenzi, na mapenzi hayo nayaheshimu. Lakini tuni ya namna hiyo haifai kuwa mfano wa kwanza wa mdundo kwa mtoto wa miaka tisa, kwani kiganja chake kitamwambia jambo moja na ulimi wake jambo jingine. Fauka ya hayo, mwalimu anayetaka kutumia lugha za nyumbani azingatie kwamba Kinyakyusa hukaza silabi ya pili kutoka mwisho kama Kiswahili na hakina toni, ilhali Kihehe na Kibena ni lugha za toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Kwa hiyo wimbo wa Kihehe uchukuliwe pamoja na tuni yake kutoka kwa wenyewe, usitungiwe tuni mezani.

Sasa tuingie darasani. Au tuseme tutoke nje, maana somo hili hustawi zaidi uwanjani. Dakika tano za kwanza ni za kutembea. Watoto wasimame duara, wakanyage mahali pamoja, kulia na kushoto, bila neno. Mwalimu asiwawekee mwendo wake, kwa kuwa mwendo wa mtoto ni mwepesi kuliko wa mtu mzima, na akimburuta mtoto katika mwendo wa taratibu mno, mtoto hushindwa kuungoja wakati na kuanza kukimbia. Na auchukue mwendo wao. Ahesabu kwa saa yake hatua za nukta 15, azidishe kwa nne: zikiwa hatua 25, mwendo wao ni mapigo 100 kwa dakika, na huo ni mwendo mzuri wa kuanzia. Auhifadhi moyoni, maana mwisho wa somo atataka kujua kama bado wako papo hapo.

Miguu ikiisha kutulia, jina la kwanza hutiwa juu yake: “Mbe” mguu wa kulia, “ya” mguu wa kushoto. Hapo hapana taabu. Kisha miguu ikome, wasimame tuli, waseme jina la pili huku wakipiga kofi kwa kila silabi, makofi matatu yenye nafasi zilizo sawa, la nguvu likiwa juu ya “ri”. Makofi yapigwe kwa vidole viwili juu ya kiganja, si kwa viganja viwili vilivyotandazwa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu watoto 60 wakipiga makofi kwa nguvu, kila mmoja humsikia jirani tu asimsikie mwalimu, huanza kushindana kwa kelele, na kelele ikipanda mwendo hupanda nayo. Lakini vidole viwili huwalazimu wote wasikilize ndipo wasikie.

Baada ya hapo mwalimu apange mawe sita katika mstari mbele yao, yaliyo na nafasi sawa, ayaguse kwa fimbo moja baada ya jingine, akifika la sita arudi la kwanza bila kusita. Miguu imepewa jiwe la 1 na la 4: “Mbe” na “ya”. Mikono imepewa la 1, la 3 na la 5: “ri” juu ya la 1, “nga” juu ya la 3, na ile “i” nyepesi juu ya la 5, ikitangulia “ri” ya mzunguko unaofuata. Jiwe la 2 na la 6 hayana mtu. Nusu ya darasa ikanyage Mbeya, nusu ipige Iringa, na fimbo ya mwalimu itembee polepole kuliko walivyokwenda mwanzoni. Wasikilizaji wangu, hapo ndipo michi miwili inapozaliwa upya uwanjani: mbili dhidi ya tatu, ambayo ni nguzo ya ngoma nyingi za Afrika. Padri A. M. Jones, aliyekaa miaka mingi ng'ambo ya Tunduma, katika nchi iliyoitwa wakati ule Rodesia ya Kaskazini, alifika hata kutumia mtambo uliochapa kila pigo la mpiga ngoma juu ya karatasi iendayo, na katika kitabu chake cha mwaka 1959 alidhihirisha jinsi mbili na tatu zinavyoshikana kwa usahihi katika muziki wetu. Sisi hatuhitaji mtambo. Tunayo mawe sita.

Ni wapi somo huvunjika? Huvunjika kwenye jiwe la 4. Mguu wa pili hupaswa kuanguka katikati kabisa ya “nga” na “i”, mahali ambapo mkono haupo, na mtoto ambaye hajazoea huvutwa na kofi lililo karibu: ama huwahi akakanyaga pamoja na “nga”, ama huchelewa akakanyaga pamoja na “i”. Kwa macho ni shida kulitambua kosa hili katika kundi la watoto 60, kwani kila mguu unaonekana unakwenda. Basi mwalimu afumbe macho ahesabu sauti za mzunguko mmoja. Zikiwa nne, yaani ya jiwe la 1 ambapo mkono na mguu hukutana, kisha ya 3, ya 4 na ya 5, mambo ni sahihi, na atasikia umbo lenye ndefu, fupi, fupi, ndefu. Zikiwa tatu, mguu umekwisha kuifuata mikono, na mbili imemezwa na tatu. Dalili hii hainidanganyi, nami naipenda kwa sababu haihitaji chombo wala karatasi.

Dawa ya kosa hilo si kukemea wala kurudia kwa mwendo wa kasi. Mwalimu awaache watu wa mikono wanyamaze, awafundishe wote kulisema lile umbo la jumla kama neno moja: “Ri, nga-ya-i, ri, nga-ya-i”. Neno hilo halina maana, lakini limebeba majina yote mawili yaliyosukwa pamoja, na mtoto akilisema mara kumi kwa utulivu, mguu hujua wenyewe kwamba zamu yake ni “ya”. Ndipo wachache, si wote, waweze kukanyaga Mbeya na kupiga Iringa kwa mwili mmoja. Darasa la Tatu wengi hawataliweza siku ya kwanza, na halina budi kungojwa. Inatosha makundi mawili yashikane bila kuvutana.

Wimbo huingia hapa, na wimbo huu nimeutunga kwa ajili ya somo lenyewe, hauna hadhi zaidi ya hiyo. Kiongozi huuliza: “Nani katoka Mbeya?” Wote hujibu: “Mimi, mimi!” Kisha: “Nani katoka Iringa?” nao: “Sisi, sisi!” Tuni iwe ya sauti tatu tu, so, mi na la, ili akili yote ya mtoto ibaki kwenye wakati. Swali huchukua hatua nne za miguu: ya kwanza ina “na”, ya pili ina “to”, ya tatu ina “Mbe” au “ri”, na ya nne ni kimya. Jibu nalo lina hatua nne, mbili za maneno na mbili za kimya. Kimya hicho ndicho somo. Watoto humeza kimya. Wanaona pasipo na sauti hapana kitu, na kiongozi naye hudakia swali linalofuata kabla ya wakati, hata baada ya beti tatu miguu na midomo imeachana kabisa. Kwa hiyo kimya kipewe kazi: kwa kila hatua isiyo na neno, mtoto afungue viganja vyake kuelekea juu, bila sauti. Viganja 120 vikifunguka pamoja, mwalimu anakiona kimya kwa macho, na asiyekingoja huonekana papo hapo.

Sasa ndipo ngoma iletwe, zikiwa zimebaki dakika kama 12. Wapwani wana majina mengi ya ngoma, mfano msondo, chapuo na vumi. Sisi tukiwa na moja nene na moja nyembamba tumeneemeka, na wengine wapewe madebe yaliyogeuzwa na vipande viwili vya mbao. Ngoma nene ichukue miguu ya Mbeya, ipigwe katikati ya kiwambo kwa kiganja kinachorudi mara moja, maana kiganja kinachokaa juu ya ngozi huzima sauti. Ngoma nyembamba ichukue makofi ya Iringa, ipigwe ukingoni kwa vidole. Hapo hata mtoto aliye nyuma kabisa huzitofautisha sauti mbili. Na mpiga ngoma asichaguliwe yule mwenye nguvu, bali yule ambaye mwalimu alimwona, wakati wa kutembea, miguu yake haikuyumba jirani yake alipoyumba.

Niseme kidogo juu ya ngozi, kwa kuwa hali ya hewa ya nchi yetu ni tofauti na ya pwani. Asubuhi ya Juni au Julai, Mbeya na Iringa zikiwa zimefunikwa na baridi, na huko Tukuyu ambako mvua na ukungu havikauki, ngozi hunyonya unyevu na kulegea, na ngoma iliyolia vizuri jana alasiri leo hutoa sauti iliyokufa. Mwalimu asiyejua hudhani mtoto hapigi vyema, humwambia aongeze nguvu, na nguvu ikiongezeka mwendo huharibika. Ngoma iote jua kabla ya somo, na jua lisipokuwapo iwekwe mbali kidogo na moto, kiwambo kikitazama joto, ikigeuzwageuzwa, ikigongwa ukingoni kila baada ya muda; sauti ikipanda na kuwa kavu iondolewe, kwani ikizidi kukaa ngozi hupasuka au huchomoka kwenye vigingi. Na mvua ikinyesha juu ya bati wakati wa somo, kama inyeshavyo huko Rungwe, tusipigane nayo: watoto wakae wawili wawili, mmoja ampigie mwenzake Iringa mgongoni kwa vidole, mwenzake akanyage Mbeya chini ya dawati. Nimeona masomo yaliyofanywa kwa kugusana namna hii yakishika kuliko yale ya sauti, kwa kuwa mtoto hawezi kuiga kelele ya kundi.

Watauliza walimu wa kwaya, ambao ni wengi katika mikoa hii na wamezoea kusoma solfa: noti zije lini? Nami nasema zije baada ya masomo kadhaa, watoto wakiwa wamekwisha kumiliki mawe. Solfa ya John Curwen ni rehema kubwa kwa wasio na kinanda, na nukta pacha zake zinazotenga pigo na pigo humfundisha msomaji kugawa wakati katika nusu na robo kwa wepesi. Lakini theluthi huandikwa ndani yake kwa alama za mkato uliogeuzwa, na mbili na tatu zikikutana karatasi hujaa alama hata jicho likachoka. Hapo msomaji, bila kukusudia, huinyoosha Iringa ikawa na silabi moja ndefu na mbili fupi, kwa kuwa ni rahisi kuhesabu. Basi karatasi isitangulie mwili katika jambo hili. Mawe sita yakichorwa ubaoni kuwa visanduku sita, na alama ya mguu chini na ya mkono juu, hayo yatosha kwa mwaka mzima wa kwanza.

Limebaki jambo la kupima. Watoto 60 hawapimiki mmoja mmoja katika kipindi kimoja, na kumsimamisha mtoto peke yake mbele ya wenzake hupima ujasiri wake zaidi ya mdundo wake. Mimi hufanya hivi: wote huimba na kukanyaga, kisha nainua mkono, na sauti zote hukoma, miguu, makofi na vinywa, lakini mzunguko huendelea kimyakimya ndani ya kila kichwa kwa mara mbili, mapigo manne ya miguu, na bila ishara yoyote kutoka kwangu, wote warudi pamoja juu ya “Mbe”. Mimi husimama nikitazama miguu ya safu moja tu, watoto kumi, na kipindi kinachofuata safu nyingine. Aliyewahi amemeza kimya, arudishwe kwenye kazi ya viganja. Aliyechelewa anawangoja wenzake wamwongoze, naye apewe vidole viwili na jirani tofauti. Na wale ambao nyayo zao huanguka pamoja, pwaa, juu ya udongo mwekundu, kabla sijapumua, hao juma lijalo wapewe ngoma.